Doa lenye pembe, kipele cha kutu na duara la njano: namna ya kusoma jani la maharage

Kanuni inayosambaa vijijini kuhusu magonjwa ya majani ya maharage ni fupi. Doa lenye kona ni madoa pembe, unga wa kahawia ni kutu, na doa lililozungukwa na duara la njano ni ule ugonjwa wa bakteria ambao wataalamu huuita bakajani halo. Kanuni hiyo haina uongo ndani yake, lakini inakuwa dhaifu mahali pale pale ambapo watu huitegemea zaidi, yaani kwenye rangi ya njano. Magonjwa yote matatu yanaweza kulifanya jani kuwa njano kando ya doa, na ugonjwa wa bakteria wenyewe, hali ya hewa ikiwa ya joto, unaweza kuja bila duara lolote. Mkulima anayeanza na rangi ya njano huishia kunyunyizia dawa ya ukungu kwenye bakteria, au kung'oa shamba ambalo kumbe lilikuwa na kutu tu.

Mwezi wa Aprili, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Mbeya, mama mmoja aliniletea majani aliyoyafunga ndani ya gazeti. Maharage yake yalikuwa ya aina ya Kablanketi, yamepandwa mwanzoni mwa Machi, na wakati huo yalikuwa yanaanza kutoa maua. Alikuwa amenyunyizia mankozebu, ambayo ni dawa ya ukungu, mara mbili kwa kupishanisha siku saba, akifuata maelekezo ya duka la pembejeo, na bado majani ya juu yalikuwa yakizidi kuharibika. Aliniuliza, "Mwanangu, dawa hii si feki kweli?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu fedha ilikuwa imetoka na ugonjwa haukusimama. Lakini kabla ya kuilaumu dawa ilibidi tuyasome majani, na kuyasoma kwa mpangilio.

Mpangilio ninaoufuata ni huu: kwanza nageuza jani na kutazama upande wa chini, kisha natazama umbo la doa na namna lilivyokutana na mishipa ya jani, na rangi ya njano naiacha iwe ya mwisho. Majani ya kutazama yasichumwe kwenye shina moja lililougua sana. Nachukua majani ya chini, ya katikati na ya juu kutoka kwenye mashina kama 10 yaliyotawanyika shambani, na nasubiri umande ukauke kwanza. Kuna sababu mbili za kusubiri. Jani lenye umande huonekana kana kwamba lina madoa ya majimaji hata kama ni zima, na mtu anayepita kwenye maharage yaliyolowa huwabeba bakteria kwa suruali na mikono yake kutoka shina hadi shina.

Tuanze na madoa pembe. Ugonjwa huu unatokana na kuvu inayoota ndani ya nyama ya jani, ikipenya katikati ya seli na kuziua kadiri inavyosonga. Jani la maharage limegawanywa na wavu wa mishipa katika vyumba vidogo vyenye kona, na mishipa hiyo huwa ukuta kwa kuvu. Inajaza chumba kimoja, inafika kwenye mshipa, inasimama. Ndiyo maana doa huwa na pande zilizonyooka, mara tatu, mara nne, na ukilitazama vizuri utaona kwamba kila upande umelala juu ya mshipa. Doa huanza na rangi ya kijivu, kisha hugeuka kahawia. Madoa yakiwa mengi, vyumba vilivyopakana hujaa kwa pamoja na madoa huungana, lakini hata hapo ukingo wa nje wa eneo lililokufa hubaki wenye pembe, kama ramani ya mashamba yaliyopakana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, uko upande wa chini. Hewa ikiwa na unyevunyevu kwa siku moja au mbili, kuvu ya madoa pembe hutoa vijiti vifupi vyeusi au vya kijivu iliyokolea, vimesimama wima juu ya doa mithili ya ndevu zilizonyolewa jana. Kwa kioo cha kukuzia mara 10 vinaonekana waziwazi, na mwenye macho makali huviona hata bila kioo. Juu ya vijiti hivyo ndipo zinapokaa mbegu za kuvu zinazorushwa na upepo na matone ya mvua. Kutu haina vijiti hivyo, na bakteria hawana kabisa, kwa hiyo vikionekana hakuna haja ya kubishana juu ya umbo wala rangi.

Lakini umbo lenyewe lina mtego mmoja ambao haufundishwi vya kutosha. Majani mawili ya kwanza ya mche, yale yaliyo mapana na yasiyogawanyika, huonyesha ugonjwa huu kwa madoa ya mviringo, makubwa kiasi, wakati mwingine yakiwa na pete ndani ya pete. Mtu aliyekariri kwamba madoa pembe lazima yawe na pembe atayakataa madoa hayo na kuyapa jina jingine. Kwa hiyo umbo la pembe nalitafuta kwenye majani yenye vijani vitatu, siyo kwenye majani yale ya mwanzo. Kitu kingine kinachosaidia ni mahali na wakati: madoa pembe huanzia majani ya chini na kupanda juu, na mara nyingi huonekana kwa wingi tangu maua yanapotoka na kuendelea.

Kutu ni jambo tofauti kabisa, ingawa nayo ni kuvu. Kuvu ya kutu haiwezi kuishi kwenye jani lililokufa. Inaingia kupitia tundu la hewa la jani, inachomeka mirija yake ndani ya seli zilizo hai na kula taratibu bila kuziua upesi. Siku tano au sita baada ya maambukizi linatokea tone dogo jeupe au la njano iliyofifia, lililoinuka kidogo. Siku chache baadaye ngozi ya jani inapasuka hapo na kutoa unga wa rangi ya udongo mwekundu. Kipele hicho ni cha mviringo na ni kidogo, kwa kawaida milimita moja au mbili, kwa hiyo mara nyingi hakifiki hata kwenye mshipa wa kukizuia. Kinaweza kutokea pande zote mbili za jani, ila upande wa chini ndiko hukaa kwa wingi.

Kwa kutu, kidole ni kipimo bora kuliko macho. Pitisha kitambaa cheupe au karatasi ya chooni juu ya vipele kwa kubonyeza kidogo. Kutu itaacha mstari wa rangi ya kahawia nyekundu, na madoa mengine mawili hayataacha kitu. Kipimo hicho kina mipaka miwili tu. Mpaka wa kwanza ni kutu changa, ambayo haijapasuka na kwa hiyo haina unga wa kutoa. Wa pili ni aina ya maharage yenye ukinzani, ambayo jani lake huiua sehemu ndogo inayoizunguka kuvu ili kuinyima chakula, na matokeo yake ni vidoa vidogo vikavu vya kahawia bila unga wowote. Mwishoni mwa msimu vipele vilevile huweza kugeuka vyeusi kwa sababu kuvu inatengeneza mbegu za kupitisha kiangazi, na hapo alama kwenye kitambaa nayo huwa nyeusi.

Sasa twende kwenye bakteria. Ugonjwa huu huanza upande wa chini wa jani kama vidoa vidogo mno, saizi ya kichwa cha pini, vinavyoonekana kulowa. Liinue jani na ulielekeze kwenye mwanga: sehemu hizo hupitisha mwanga kama karatasi ya andazi iliyopata mafuta. Hilo halitokei kwenye madoa pembe wala kwenye kutu, kwa sababu kuvu ya kwanza huacha nyama kavu na ya pili huinua kipele, ilhali bakteria hujaza maji katika nafasi zilizo kati ya seli. Baadaye kidoa hukauka na kuwa kahawia, lakini hubaki kidogo, milimita chache tu. Kinachokua ni duara linalokizunguka, lenye rangi ya njano inayoelekea kijani, kama limau ambalo halijaiva sawasawa, na linaweza kufika sentimita moja au zaidi kwa upana.

Hapa ndipo panapostahili kutuama kidogo, kwa sababu maana ya duara hilo ndiyo inayofungua fumbo zima. Bakteria hawajafika kwenye eneo lote la njano. Wao wako kwenye kidoa cha katikati, na kutoka hapo wanatoa sumu inayosambaa ndani ya jani kuliko wao wenyewe wanavyosambaa. Sumu hiyo inazuia kimeng'enya ambacho mmea unakihitaji ili kutengeneza arginini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na seli zilizokosa kijenzi hicho hushindwa kutengeneza rangi yake ya kijani. Kwa hiyo duara ni kivuli cha sumu. Hilo linaeleza kwa nini ni pana kuliko doa lenyewe, kwa nini ukingo wake unafifia polepole badala ya kukatika ghafla, na kwa nini halijali mishipa: sumu inapita mahali ambapo kuvu ya madoa pembe isingeweza kupita.

Bakteria hawa hutengeneza sumu yao vizuri kwenye baridi. Joto likiwa chini ya nyuzi 23 hivi za selisiasi, duara huwa pana na la wazi. Likipanda kuelekea nyuzi 28, utengenezaji wa sumu hupungua sana na kidoa hubaki peke yake, kidogo, cha kahawia, bila pambo lolote. Ndiyo maana katika nyanda za juu, kama za Mbeya na Njombe, ugonjwa huu huonekana kama ulivyochorwa vitabuni, na ndiyo maana shamba hilohilo likipata wiki mbili za jua kali linaweza kuonyesha majani mapya yenye vidoa visivyo na duara. Anayetafuta duara peke yake atasema ugonjwa umeisha, na atakuwa amekosea.

Sumu hiyo ikiingia kwenye mfumo wa mmea mzima hufika kwenye majani machanga ya juu na kuyafanya yawe njano-kijani yote, yaliyojikunja, bila doa hata moja, na mmea hudumaa. Wengi huona hali hiyo wakasema shamba limekosa mbolea ya naitrojeni. Tofauti yake ni mahali rangi inapoanzia. Mmea uliokosa naitrojeni huinyang'anya majani yake ya zamani ili kulisha machanga, kwa hiyo unjano wake huanzia chini. Unjano wa sumu huanzia juu.

Baada ya kuelewa hayo, rangi ya njano inaweza sasa kulinganishwa bila kupotoka. Kwenye kutu, kama njano ipo, ni utepe mwembamba unaokumbatia kipele, na katikati yake kuna kitu kilichoinuka kinachoweza kupasuka. Kwenye madoa pembe, njano huja kwa kuchelewa, pale madoa yanapokuwa mengi na jani linaelekea kuanguka. Haina umbo la duara, bali inajaza nafasi iliyobaki kati ya doa na doa. Kwenye bakteria, njano huja mapema, inazunguka kidoa kidogo kilichozama au kilichobapa, nayo ni pana kukipita mara kadhaa. Swali la kuuliza, basi, lisiwe kama kuna njano. Liwe hili: kati ya doa na njano yake, kipi ni kikubwa? Doa likiwa kubwa na njano ikiwa mabaki yake, fikiria madoa pembe. Njano ikiwa kubwa na doa likiwa nukta, fikiria bakteria.

Nirudi kwenye gazeti la yule mama. Majani ya chini yalikuwa na madoa ya kahawia yenye pande zilizonyooka, mengine yameungana, na njano ilikuwa imetapakaa katikati yake. Nilipoyageuza niliona vijiti vyeusi kwenye madoa machache, hasa yale ya majani yaliyokuwa karibu na udongo, ambako unyevu hukaa muda mrefu. Kitambaa kilitoka safi. Hadi hapo jibu lilikuwa madoa pembe, na mankozebu aliyoitumia ilikuwa dawa inayofaa kwa kazi hiyo, mradi ifike kwenye majani kabla ya kuvu kuingia. Madoa yaliyokwisha kujitokeza hayawezi kufutwa na dawa hiyo, kwa kuwa inakaa juu ya jani na kuzuia maambukizi mapya tu.

Majani ya juu yalikuwa na habari nyingine. Yalikuwa na nukta za kahawia zisizozidi milimita mbili au tatu, na kila nukta ilikuwa katikati ya duara la njano-kijani lililopita juu ya mishipa bila kusimama. Kulikuwa na jani moja ambalo karibu na ncha yake vidoa vilikuwa bado vichanga, na nilipolielekeza dirishani vilipitisha mwanga. Kitambaa hapo pia kilitoka safi, na hapakuwa na kijiti chochote. Kwa hiyo shamba lilikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, mmoja ukitokea chini na mwingine juu, na dawa iliyoonekana kushindwa ilikuwa imeelekezwa kwa kuvu ilhali kilichokuwa kikiendelea juu kilikuwa bakteria, ambao dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili yao. Nilimweleza hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini muuzaji hakumwambia ageuze jani.

Ili nisitegemee macho ya siku moja tulifanya mambo mawili. Tulichukua majani sita, matatu ya chini na matatu ya juu, tukayalaza kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, juu ya karatasi za chooni zilizoloweshwa na kukamuliwa, upande wa chini ukiangalia juu. Asubuhi ya siku ya pili madoa ya majani ya chini yalikuwa yameota ndevu nyeusi karibu yote. Majani ya juu hayakuota kitu chochote cha aina hiyo. Wengine hupenda kukata doa na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji ili kuona maziwa ya bakteria yakitoka, lakini kwa vidoa vidogo hivi bila hadubini huwezi kuona kitu cha kuaminika, na sikushauri mtu akae akitazama glasi.

Jambo la pili lilifanyika shambani. Mama alifunga nyuzi nyekundu kwenye majani matano ya juu yenye vidoa vichanga, akarudi kuyatazama baada ya siku nne. Kama zingekuwa nukta za kutu changa, ambayo kwa kweli inaweza kufanana na mwanzo wa bakteria, siku nne zingetosha kuzipasua na kutoa unga. Hazikupasuka. Duara zilipanuka, na kwenye shina mojawapo majani ya ncha yalianza kuwa njano bila madoa. Uzi wa senti chache ulifanya kazi ambayo mara nyingi watu huifanya kwa kubahatisha.

Hatua zilizofuata zilitokana moja kwa moja na tofauti hiyo. Aliacha kuongeza kipimo cha mankozebu, jambo ambalo alikuwa amekwisha kulikusudia. Palizi na upigaji dawa vilihamishwa hadi umande ukauke. Mashina yaliyodumaa yenye njano kuanzia ncha aling'oa na kuyafukia mbali na shamba. Dawa zenye shaba hupunguza kusambaa kwa bakteria zikiwahi mapema, lakini ugonjwa ukishakuwa ndani ya mmea haziuondoi, na kwa shamba lililokuwa tayari kwenye maua nilimwambia asitarajie mengi kutoka kwao.

Suala zito lilikuwa la mbegu, maana yeye, kama majirani zake wengi, hupanda mbegu aliyoitunza mwenyewe. Kuvu ya kutu haisafiri ndani ya mbegu, kwa hiyo mtu aliyeugua kutu anaweza kutunza mbegu yake bila hofu hiyo. Madoa pembe huweza kukaa kwenye mbegu, lakini chanzo chake kikubwa ni mabaki ya majani yaliyoachwa shambani, na kupumzisha ardhi kwa kupanda mahindi kwa misimu miwili hupunguza mengi. Bakteria hawa wao husafiri kwa mbegu hasa, na mbegu moja yenye maambukizi kati ya 10,000 inatosha kuwasha shamba zima mvua na baridi vikikutana.

Mwishoni mwa Mei, maganda yalipokwisha kujaa, nilipita tena. Kwenye maganda tofauti ilikuwa wazi kuliko kwenye majani. Kulikuwa na madoa makavu ya kahawia nyekundu, ya mviringo, yenye ukingo uliokoza, ambayo ni ya madoa pembe. Na kulikuwa na madoa mengine ya kijani kibichi kilicholowa kama yamepakwa mafuta, na juu ya baadhi yake utando mwembamba wenye rangi ya fedha, ambao ni ute wa bakteria uliokauka. Tulihesabu mashina kwenye mistari mitatu na tukakuta maganda yenye mafuta hayo kila baada ya hatua chache. Mavuno yake aliyatenga mafungu mawili, la kula na la kuuza kwa chakula, kwa sababu bakteria huyu hamdhuru mlaji. Fungu la mbegu halikuwepo mwaka ule, na mbegu ya msimu uliofuata aliinunua.